Sikio Halikupakwa Mekapu: Kuurudisha Uso wa Bibi Harusi Kwenye Rangi Yake

Jumatatu baada ya harusi ndipo lawama huanza kufika studio. Picha za Jumamosi usiku zimeshapelekwa kwenye simu za familia, na mtu wa kwanza kuona kasoro kwa kawaida si bibi harusi, ni dada yake. Anakuza picha kwa vidole viwili, anashuka kutoka usoni hadi shingoni, kisha anarudi juu. "Mbona kama kavaa uso wa mtu mwingine?"

Picha inayozungumziwa hapa ni ya aina ambayo kila studio ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa inaifahamu. Bibi harusi ameketi ukumbini, ameinua mkono wa kulia hadi karibu na kidevu ili hina na piko zionekane. Pozi ni zuri, na gauni limemkaa. Ila uso una weupe wa majivu, kifua na shingo ni kahawia iliyoiva, na mkono ulio pembeni ya shavu umeiva zaidi. Rangi tatu kwa mtu mmoja, zote ndani ya eneo dogo kama sahani.

Ombi linalofuata linajulikana: "Ng'arisha shingo na mikono ifanane na uso." Fundi picha mzoefu huanza kwa kulikataa ombi hilo kwa upole, na ana sababu ya kazi, si ya ubishi. Kilichobadilika ni uso. Shingo, kifua na mikono vilibaki kama bibi harusi alivyoamka navyo asubuhi. Akianza kuvibadilisha hivyo vitatu ili vifuate kimoja kilichopotoka, atalazimika kupita kwenye mkufu, kwenye ukingo wa gauni, kwenye kivuli cha kidevu na juu ya michoro ya piko, na kila hatua itaacha alama. Zaidi ya hapo, sehemu za giza zikisukumwa juu hutoa chengachenga, zile punje za rangi zinazofanya ngozi ionekane kama imenyunyiziwa mchanga. Njia fupi ni kuushusha uso uwafuate wenzake.

Lakini kabla ya kugusa chochote, fundi anapaswa kujua nini kimeupausha uso, kwa sababu mekapu na flashi huharibu kwa njia mbili tofauti, na mara nyingine hushirikiana.

Mekapu peke yake huharibu pale fondesheni inapokuwa nyepesi kuliko ngozi, au inapokuwa na asili ya waridi juu ya ngozi yenye asili ya njano au nyekundu. Kwa macho, ndani ya saluni yenye taa za manjano, tofauti hiyo inaweza isionekane kabisa. Flashi peke yake huharibu kwa pembe: paji la uso, pua na mashavu vinaelekea kamera moja kwa moja, hivyo hupokea mwanga kamili, ilhali shingo iko chini ya kivuli cha kidevu.

Zikikutana, hali huwa mbaya zaidi. Fondesheni nyingi zenye kinga ya jua huwa na titani dioksaidi au zinki oksaidi, unga mweupe uliowekwa humo makusudi ili uzuie miale. Poda nyingi laini za kumalizia mekapu, zile zisizo na rangi, hutengenezwa kwa silika. Vitu hivi haviwezi kutofautisha jua na flashi. Flashi iliyo juu ya kamera inapolipuka, unga unaurudisha mwanga kulekule ulikotoka, yaani moja kwa moja ndani ya lenzi, na uso unatoka mweupe kwenye picha hata kama ukumbini ulionekana sawa kabisa. Mei 2014, Angelina Jolie alipigwa picha kwenye uzinduzi wa filamu jijini New York akiwa na mabaka ya poda nyeupe usoni, na picha zile zikazunguka dunia nzima. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde jambo hilo hujitokeza kwa ukali zaidi, kwa kuwa umbali kati ya weupe wa poda na rangi ya ngozi ni mkubwa.

Kujua ni lipi kati ya haya limetokea, fundi hutazama sikio. Wapambaji wengi hupaka uso hadi ukingo wa taya na kuyaacha masikio. Kwa hiyo sikio ni ngozi halisi iliyoko mita ileile kutoka kwenye flashi. Kama sikio linafanana na kifua na uso pekee ndio umepauka, kosa ni la mekapu au poda yake. Kama sikio nalo limepauka pamoja na uso, flashi ndiyo iliyozidi, na pengine picha nzima inahitaji kushushwa mwanga kwanza. Kwa bibi harusi aliyejifunga ushungi au kuvaa shela lililofunika masikio, mstari wa nywele juu ya paji la uso husaidia, kwa sababu poda mara nyingi huishia hapo na ngozi halisi huchungulia kati ya nywele.

Katika picha yetu, sikio la kushoto linaonekana chini ya hereni, na ni kahawia kama kifua. Ni mekapu, ikisaidiwa na flashi.

Hatua ya pili ni kuchagua shahidi wa rangi, na hapa ndipo wengi hukosea. Jicho huvutwa na shingo kwa kuwa iko karibu na uso. Shingo si shahidi mzuri, maana iko kivulini, na kivuli huifanya ionekane nyeusi kuliko ilivyo. Uso ukilinganishwa nayo utashushwa kupita kiasi, na bibi harusi atatoka na uso uliofifia ambao hata mama yake hautambui. Shahidi mwema ni kifua cha juu, chini kidogo ya mifupa ya mtulinga, mahali palipoelekea kamera na kupata flashi kama uso ulivyopata. Pakiwa pamefunikwa na gauni, bega au mkono ulioinuliwa karibu na uso hutosha. Kwa bahati njema, bibi harusi wetu ana vyote viwili.

Sasa vipimo. Kila pikseli kwenye picha ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kwenye ngozi ya binadamu, iwe ya mtu mweupe au mweusi, nyekundu huwa juu, kijani hufuata, na bluu huwa chini. Nafasi kati ya namba hizo ndiyo inayoipa ngozi joto lake. Namba tatu zikisogeleana, rangi inaelekea kwenye majivu. Zikilingana kabisa, ni kijivu tupu.

Ndani ya Photoshop, fundi huchukua `Color Sampler Tool` na kuweka `Sample Size` kwenye `11 by 11 Average`, ili asipime pikseli moja yenye kinyweleo au kitone cha poda bali wastani wa eneo dogo. Anabofya kifuani, anabofya katikati ya shavu pasipo na mng'ao, anabofya nyuma ya kiganja kati ya michoro ya piko. Kidirisha cha `Info` kinampa majibu. Kifua: 142, 98, 74. Shavu: 186, 152, 138. Mkono: 121, 80, 60.

Gawanya nyekundu kwa kijani na picha yote inajieleza. Kifua kinatoa 1.45. Mkono unatoa 1.51. Shavu linatoa 1.22 tu. Maana yake ni kwamba mkono na kifua ni rangi ileile ya mtu mmoja, mkono ukiwa umeiva zaidi kidogo kwa jua la kila siku, wakati shavu limehama kabisa kutoka kwenye ukoo huo. Halikupata mwanga mwingi tu; lilipoteza joto.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi itafaulu au la. Fundi anayeanza huona uso mweupe na kufanya kinachoonekana kuwa sahihi: anapunguza mwanga. Tuchukulie ameshusha namba zote tatu kwa kiwango kimoja mpaka nyekundu ifike 142 kama ya kifua. Kijani itafika 116 na bluu itafika 105. Nyekundu imekubali, lakini kijani imebaki juu ya kifua kwa 18 na bluu kwa 31. Uso sasa hauna weupe, una rangi ya jivu la kuni. Watu wakiitazama picha hiyo husema bibi harusi anaonekana mgonjwa, na fundi haelewi, kwa sababu kwa mwanga tu ameshalinganisha.

Dawa ni kuishusha kila rangi kwa kiasi chake. Juu ya picha anaweka leya ya `Curves`. Kwenye orodha ya rangi anachagua `Red`, anabofya mstari, kisha anaandika `Input` 186 na `Output` 142. Anahamia `Green` na kuandika 152 kwenda 98. Mwisho `Blue`, 138 kwenda 74. Nyekundu imeshuka kwa 44, kijani kwa 54, bluu kwa 64. Bluu ndiyo iliyoshuka zaidi, na hilo ndilo linalorudisha kahawia. Kidirisha cha `Info` kitaonyesha namba mbili kwa kila rangi zikitenganishwa na mkwaju, ya kabla na ya baada, hivyo hakuna haja ya kubahatisha.

Kwa sasa picha nzima imeiva, gauni likiwemo. Leya ya `Curves` huja na maski yake nyeupe. Fundi anaigeuza kuwa nyeusi kwa `Ctrl+I`, na badiliko lote linatoweka. Kisha anachukua brashi nyeupe yenye `Hardness` 0, anaishusha nguvu hadi asilimia 30 hivi, na kuanza kupaka uso kidogo kidogo, akirudia pale palipopauka zaidi. Macho, meno na midomo haviguswi, kwa sababu weupe wa jicho ukipata kahawia hiyo utaonekana kama wa mtu mwenye manjano. Upande wa uso ambao flashi haikuufikia hupakwa mara moja tu au huachwa, maana pale ngozi tayari ni nyeusi kiasi.

Taya ndiyo inayochukua muda. Mekapu haikatiki kwa mstari mnyoofu, hufifia. Kuna mpambaji anayeishusha hadi nusu ya shingo na mwingine anayeikata taya kwa taya. Brashi ikiwa ngumu, mstari mweusi utajitokeza chini ya kidevu kama kamba. Ikiwa laini mno na kubwa, itaingia shingoni na kuitia weusi usiohitajika. Fundi makini hukuza picha hadi `100%`, afuate ukingo kwa brashi isiyozidi upana wa sikio, kisha apunguze picha hadi iwe ndogo kama kwenye simu na kutazama tena. Kosa la taya huonekana haraka picha ikiwa ndogo kuliko ikiwa kubwa.

Baada ya hapo uso na kifua vinalingana kwa namba, na hapo picha huweza kuonekana imekufa kidogo. Uso wa mtu aliyepambwa unatarajiwa kuwa na nuru kuliko kifua chake. Ndiyo kazi ya mpambaji, na bibi harusi aliilipia. Kwa hiyo `Opacity` ya leya inashushwa hadi asilimia 80. Shavu linapanda hadi takriban 151, 109 na 87. Ukigawanya nyekundu kwa kijani unapata 1.39, karibu sana na kifua, lakini uso unabaki mbele. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayompa dada mtu utulivu: anaona mekapu, lakini anamwona na dada yake.

Kuna kitu kimoja ambacho `Curves` haitakirekebisha, nacho ni mng'ao. Katikati ya paji la uso, picha yetu ina doa lenye 252, 247, 243. Pale rangi ya ngozi haikurekodiwa kabisa. Kamera iliona taa tu. Ukilishusha doa hilo linakuwa kijivu kama chokaa iliyolowa. Njia ni kufungua leya mpya tupu, kuiweka kwenye `Darken`, kuchukua rangi ya ngozi iliyo jirani na doa, na kupaka juu yake kwa brashi ya asilimia 15 hadi weupe upungue. Si uishe. Uso usio na mng'ao hata mmoja huonekana wa udongo. Ukiona vitundu vya ngozi vimepotea kwenye paji ilhali mashavuni vipo, umepaka kupita kiasi.

Na mkono? Mkono wetu, kwa 121, 80 na 60, hauna kosa. Ni mweusi kuliko kifua kwa sababu mikono ya watu wengi iko hivyo, na vifundo vya vidole huwa vyeusi zaidi kuliko nyuma ya kiganja. Kuvifanya vilingane na shavu ni kumwondolea mtu mikono yake. Kama mteja bado anaona umezidi, inaongezwa leya nyingine ya `Curves` kwa mkono pekee, safari hii kwenye `RGB` bila kugusa rangi mojamoja, huku nukta ikipandishwa kidogo tu, mathalani 80 kwenda 88. Nukta ya pili inafungwa chini, 30 kwa 30, ili piko ibaki nyeusi. Piko iliyopauka huonekana kama wino wa zamani, na shangazi aliyekesha akiichora atailalamikia kabla ya mtu yeyote kuuliza kuhusu uso. Hina nyekundu inahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa rangi yake iko karibu na ya ngozi. Hapo ni afadhali maski ya uso ikomee kabisa pale vidole vinapogusa shavu.

Wapo pia wateja ambao uso wao ni mweupe kuliko mikono hata bila mekapu wala flashi, kwa sababu ya mkorogo au kwa sababu ya kazi za juani. Namba za kifua haziwezi kumwambia fundi hilo. Swali moja la faragha kwa mwenye picha, "Ungependa uso ufuate wapi?", linatosha, na jibu lake ndilo linalofuatwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kuhangaika kupima kila mtu, wakati vitabu vya upigaji picha vina majedwali ya rangi ya ngozi. Majedwali mengi ya zamani yalijengwa juu ya ngozi nyeupe. Kuanzia miaka ya 1950, maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya rangi yenye picha ya mwanamke Mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi zikatoka vyovyote zilivyotoka. Fundi wa leo hahitaji kadi ya mtu mwingine. Bibi harusi amekuja na kadi yake mwenyewe, kifuani.

Asiye na kompyuta anaweza kufika karibu kwa simu. Kwenye programu ya Snapseed, kifaa cha `Brush` kina `Exposure` na `Temperature`. Uso hupakwa kwanza `Exposure` ya chini kidogo, kisha `Temperature` ya juu kidogo, kwa mpangilio huo, kwa mantiki ileile: punguza mwanga, kisha rudisha joto lililopotea. Hakuna namba za kupima, kwa hiyo jicho ndilo linaloamua, na ni vyema hali ya usiku ya simu, ile inayoifanya skrini kuwa ya manjano, izimwe kwanza. Ikiwa imewashwa, kila ngozi itaonekana ina joto la kutosha, na uso wa majivu utapita bila kuonekana.

Kwa harusi yenye picha 300, kazi hii hairudiwi mara 300. Picha zilizopigwa sehemu moja kwa flashi moja hukubali leya moja ya `Curves` iliyonakiliwa. Kinachobadilika ni maski. Ila bibi harusi akisimama kucheza, akaenda chini ya taa za zambarau, vipimo vya kiti havimhusu tena. Hapo fundi anasawazisha kwanza weupe wa picha nzima, ndipo anapima kifua upya. Akiugeuza mpangilio huo, ataulinganisha uso na kifua vizuri, kisha atavipaka vyote viwili zambarau.

Mpambaji mwenye hofu ya kosa hili huimaliza kazi yake kwa jambo la sekunde tano: kabla bibi harusi hajatoka saluni, humpiga picha moja kwa simu, flashi ikiwa imewashwa, kutoka hatua mbili, kifua kikionekana. Poda ikirudisha mwanga, itaonekana hapohapo, na brashi kavu inaweza kuipangusa.

Picha yetu ikishakamilika, inabaki karatasi. Karatasi ya albamu mara nyingi hutoka na giza kidogo kuliko skrini, na ngozi iliyoiva ndiyo inayoumia zaidi kwa giza hilo. Kabla ya kuchapa ukubwa wa sentimita 30 kwa 40, fundi huchapa kipande kidogo chenye shavu, kifua na vidole vya mkono pamoja, anakipeleka mlangoni kwenye mwanga wa mchana, na kukitazama akiwa amekinyoosha mkononi. Akiona vidole vimezama hadi michoro ya piko haitofautiki na ngozi, anaipandisha picha nzima mwanga kidogo na kuchapa kipande kingine.